Barua ya wazi: Tangazo la mjenzi liseme maji yatafika nyumba ya mwisho saa ngapi

Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na za Manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Kwa wakuu wa mamlaka ya maji na wa shirika la umeme. Na kwa wenyeviti wa serikali za mitaa.

Waheshimiwa,

Ghorofa likianza kupanda katikati ya nyumba za watu, itafika siku mjenzi atahitaji maji ya mtaa yafungwe ili aunge bomba lake, au umeme uzimwe ili nguzo ihamishwe. Hilo halina ubishi. Tunaloandikia barua hii ni karatasi inayobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa siku moja kabla: "Maji yatakatwa kesho saa 3 hadi saa 11. Samahani kwa usumbufu." Sisi ni mafundi bomba, mafundi umeme na wasimamizi wa saiti, na karatasi hiyo tunaijua kwa sababu wanaoiandika ni wenzetu. Saa 11 iliyoandikwa pale ni saa ambayo fundi anatarajia kutoka shimoni. Saa ambayo mama wa nyumba ya mwisho mtaani ataona maji kwenye bomba lake ni nyingine kabisa, na tofauti ya saa hizo mbili inaweza kupigiwa hesabu kabla hata jembe halijagusa ardhi.

Tunaomba msiidhinishe kazi ya namna hii mpaka tangazo lake liwe na saa zote mbili, na mjenzi aweze kuwaonyesha amezipataje. Hesabu yenyewe ni hii.

Chukua mtaa mmoja wa kawaida. Bomba kuu ni la plastiki la milimita 110, lile mafundi wanaloliita la inchi nne. Lina urefu wa mita 400 kutoka kwenye valvu ya barabarani hadi mwisho, na linahudumia nyumba 60. Mjenzi anataka kukata bomba hilo katikati na kuweka tii, kiungo cha midomo mitatu, ya kupeleka maji kwenye jengo lake. Kwa ndani bomba hili lina upana wa takribani milimita 100, kwa hiyo kila mita moja inabeba karibu lita 8, na mita 400 zinabeba kama lita 3,100. Si maji mengi. Kulimwaga na kulijaza bomba lenyewe hakuchukui muda mrefu, na hapo ndipo fundi hudanganyika, kwa sababu hesabu yake inaishia kwenye bomba. Hahesabu matangi yaliyo juu ya paa za watu.

Shimo lichimbwe siku moja kabla, lizungushiwe utepe na kuwekewa mbao juu, na lishuke angalau sentimita 30 chini ya tumbo la bomba ili maji ya matope yasirudi ndani bomba likishakatwa. Mwenye kuanza kuchimba saa 3 asubuhi, valvu ikiwa imeshafungwa, amewaibia majirani saa mbili bure. Shimo likiwa tayari, siku ya kazi huenda hivi. Valvu inafungwa saa 3 asubuhi. Bomba linakuwa limekauka saa 4 kasorobo. Kulikata, kulainisha ncha kwa tupa, kupaka sabuni kwenye mipira na kuingiza tii kwa kola mbili za kutelezesha ni kazi ya kama saa mbili kwa fundi aliyezoea, kwa hiyo inafika saa 6 mchana. Kukaza, kuzuia tii isisogee na kukagua kunaleta saa 7. Halafu bomba linajazwa polepole, mwendo wa kama sentimita 30 kwa sekunde, ambao kwa mita 400 ni dakika 22 hivi. Valvu ikifunguliwa kwa pupa, hewa hubanwa mbele ya maji na mshtuko wake hupasua maungio ya zamani ambayo hayakuwa na kosa lolote.

Bomba likishajaa, maji ya kwanza ni machafu. Yanatakiwa kumwagwa mtaroni kupitia koki ya mwisho wa bomba, kwa nguvu, mpaka yapite kama mara tatu ya ujazo wa bomba. Kwa bomba letu hizo ni karibu lita 9,300, na kwa bomba linaloleta lita 4 kwa sekunde zinachukua kama dakika 40. Wengi huruka hatua hii kwa sababu kumwaga maji mbele ya watu waliokosa maji tangu asubuhi kunaonekana kama dharau. Lakini mchanga usiomwagwa mtaroni utaingia kwenye mita za wateja na kukaa kwenye koki za boya za matangi. Koki ya boya yenye chembe ya mchanga mdomoni haifungi. Tangi hufurika usiku kucha na bili inakwenda kwa jirani ambaye hakujenga ghorofa. Ni afadhali kubandika kibao pale mtaroni: "Maji haya ni ya kusafishia bomba, tafadhali msiyachote ya kunywa."

Tuseme basi saa 9 alasiri kila kitu kiko sawa, na valvu inafunguliwa kabisa. Fundi anapiga picha, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na kuandika "maji yamerudi." Nyumba tano za mwanzo zinaitikia ahsante. Nyumba za mwisho zinafungua bomba na kusikia upepo.

Kinachotokea ni hiki. Tangu asubuhi nyumba zote 60 zimekuwa zikitumia maji ya tangi. Tuseme kila nyumba ina simtanki la lita 1,000 na limepungua lita 700. Hizo ni lita 42,000 zinazotakiwa kwa wakati mmoja, maana boya zote ziko chini na koki zote ziko wazi. Kama bomba linaleta lita 4 kwa sekunde, ambazo ni lita 14,400 kwa saa, kujaza matangi yote kunachukua karibu saa 3. Na maji hayagawanyiki sawasawa. Nyumba za mwanzo na zile za bondeni hushiba kwanza, na presha haipandi kufikia zile za mwisho na za mlimani mpaka boya za wenzao zianze kufunga. Kwa hiyo nyumba ya mwisho itaona maji ya maana saa 12 jioni. Tangazo lililosema saa 11 lilikuwa na ukarimu wa saa mbili kwa fundi, na bado limemdanganya jirani wa mwisho.

Tangazo la kweli kwa kazi hii lingesema: maji yataanza kufunguliwa saa 9 alasiri, nyumba za mwanzo zitapata muda huohuo, na nyumba ya mwisho itapata kabla ya saa 1 usiku. Hiyo saa moja ya ziada ni akiba ya fundi. Watu hawakasiriki maji yakiwahi.

Hesabu hii inataka namba tatu tu: urefu na upana wa bomba, idadi ya nyumba, na lita ngapi kwa sekunde bomba linaleta. Namba ya tatu mamlaka ya maji inayo, au inaweza kupimwa kwa ndoo kubwa na saa ya simu kwenye koki ya mwisho wa bomba. Mkandarasi asiyeweza kuwaletea namba hizo tatu hajajiandaa kukata bomba.

Sasa tuseme juu ya valvu, kwa sababu ndiyo inayoharibu matangazo kuliko kitu kingine chochote. Valvu nyingi za barabarani zimekaa miaka bila kuguswa. Mkono unazunguka hadi mwisho, fundi anaamini imefunga, kumbe kuna takataka kwenye kalio lake au uzi umekwisha, na maji yanaendelea kupita. Bomba likikatwa, shimo linajaa maji na haliishi. Hapo hapana njia ila kwenda kufunga valvu ya nyuma zaidi, na hiyo huenda inahudumia nyumba 200. Nyumba 140 zimekatiwa maji bila kusoma tangazo lolote, na mwenyekiti wa mtaa wa pili anapigiwa simu za matusi kwa jambo asilolijua.

Dawa yake ni kufunga kwa majaribio, siku mbili au tatu kabla ya tangazo kuandikwa, usiku wakati watumiaji ni wachache. Fundi wa mamlaka ya maji afunge valvu, kisha mtu asimame kwenye bomba la nyumba ya chini kabisa ya mtaa. Mwanzoni maji yatatoka, kwa kuwa bomba linajimwaga. Yakiendelea kutoka kwa nguvu ileile baada ya nusu saa, valvu hiyo haifungi. Afadhali kulijua hilo usiku wa Jumapili kuliko Jumatano mchana bomba likiwa vipande viwili. Jaribio hilo pia ndilo linaloonyesha ni nyumba zipi hasa zitakosa maji, maana ramani na mabomba ya mtaani mara nyingi haviafikiani. Nyumba inayodhaniwa iko kwenye bomba hili inakutwa imeungwa nyuma, na ya nyuma iko hapa. Tunaomba tarehe ya jaribio hili iandikwe kwenye fomu ya maombi, pamoja na jina la aliyefunga valvu. Pasipokuwa na jaribio, tangazo lisigongwe muhuri.

Kabla ya yote hayo, lakini, kuna swali ambalo ofisi zenu zinatakiwa kumwuliza mjenzi: je, kweli ni lazima maji yafungwe? Bomba la kuingia jengoni likiwa dogo, tuseme la inchi moja, huungwa kwa sado, kile kibanio kinachozunguka bomba kuu, na kutobolewa huku maji yakiwa ndani. Fundi analowa, majirani hawajui kilichotokea. Kufunga maji ya nyumba 60 kwa ajili ya maungio ambayo sado ingetosha ni uvivu wa kuazima kifaa cha kutobolea. Tii ina haki yake pale jengo linapohitaji bomba kubwa, na hapo napo siku hiyohiyo iwekwe valvu kwenye tawi la jengo. Bila valvu hiyo, mjenzi atarudi baada ya miezi mitatu kuomba maji yafungwe tena ili aendeleze bomba lake, na tangazo la pili litasomwa kwa jicho baya kuliko la kwanza.

Kosa jingine hujitokeza baada ya tangazo kumaliza kazi yake, usiku. Maji yanayopinda kwenye tii huisukuma kwa nyuma. Presha ikiwa ba 4, msukumo kwenye tawi la milimita 110 ni karibu sawa na uzito wa kilo 390. Kola za mpira hazina meno ya kushika, zinateleza kama zilivyoingia. Kinachoizuia tii ni bonge la zege linalomwagwa nyuma yake, likiegemea udongo ambao haujachimbuliwa. Zege hilo halikomai kwa mchana mmoja. Mchana presha huwa ndogo kwa sababu watu wanatumia, na kila kitu kinaonekana kimetulia. Saa 8 usiku watu wamelala, matangi yamejaa, presha inapanda, tii inasogea na kola inachomoka. Asubuhi kuna bwawa barabarani. Ndiyo maana mjenzi anayejua kazi huweka vifungo vya chuma vinavyoshikilia tii pande zote, au hukaza kwa mbao nzito na jeki mpaka zege lishike, na huacha mlinzi mwenye tochi, ufunguo wa valvu na namba ya fundi kwa usiku huo. Tangazo liseme wazi kuwa usiku wa kwanza ni wa uangalizi, na namba ya mlinzi iwepo.

Vipande vinavyoingia ndani ya bomba navyo vioshwe. Tii na kola zilizolala kwenye mchanga wa saiti wiki nzima zipanguswe kwa maji ya klorini ya asilimia 1. Dawa ya klorini ya dukani ya asilimia 3.5 hufikia hapo ukichanganya kipimo kimoja na vipimo viwili na nusu vya maji safi. Ni kazi ya dakika tano.

Kila kazi ya namna hii iwe na saa ya kukata shauri. Kwa mfano wetu ni saa 7 mchana. Kama saa 7 imefika na tii haijakaa, labda kola ni za upana mwingine au mpira umekatika, mafundi waache kupigana nayo. Waweke kipande cha bomba kilichokatwa tayari tangu jana kwa urefu unaotakiwa, wakiunge kwa kola, warudishe maji, na kazi ipangwe upya. Kipande hicho, kola mbili za akiba na mipira minne ya akiba viwe shimoni kabla valvu haijafungwa, na mkaguzi avione kwa macho. Tunalisisitiza hili kwa kuwa ucheleweshaji mwingi wa hadi saa 4 usiku huanza na sentensi moja: "Kijana ameenda Kariakoo kufuata mpira."

Na wasitumie gundi kwenye bomba kuu la aina hii siku ya kukata. Bomba kubwa lililounganishwa kwa gundi linaweza kuhitaji hata siku nzima kabla ya kupewa presha. Ama jirani atakosa maji hadi kesho yake, ama maungio yatapewa presha mabichi na kuachia.

Turudi kwenye karatasi yenyewe. Saa ziandikwe kama watu wanavyozisema. Tangazo lililochapwa ofisini huja na "09:00 hadi 17:00". Mjumbe anayelisoma barazani anasema "saa tisa", na wasikilizaji wanaelewa alasiri. Ile 17:00 hakuna anayeikosea, ni saa 11 jioni. Basi mtaa mzima unaamini maji yatakatwa kwa saa mbili, kuanzia alasiri, nao wanakatiwa saa sita kabla ya walivyotarajia, ndoo zikiwa tupu. Andikeni "saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni", neno la kipindi cha siku likiwa kando ya kila saa. Usiku uandikwe kwa uangalifu zaidi. Kwa wengi wa Pwani "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama, kwa wengine ni Ijumaa baada ya magharibi. "Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa" haina mjadala. Na "kesho" isiandikwe kamwe kwenye karatasi inayobandikwa, kwa sababu karatasi hukaa siku nne ukutani na kila siku ina kesho yake.

Siku nayo ichaguliwe kwa mgao. Mtaa unaopata maji Jumatatu na Alhamisi ukifungiwa Alhamisi haukosi saa sita, unakosa zamu nzima, na utakaa bila maji hadi Jumatatu. Kazi hiyohiyo ikifanywa Jumatano haimgusi mtu, ila tu fundi hataweza kujaribu maungio yake mpaka maji yaje, kwa hiyo awepo shimoni Alhamisi alfajiri yanapofika. Tangazo litoke mapema kiasi cha kuwapa watu angalau zamu moja ya maji ya kujaza matangi kabla. Ndiyo sababu saa 24 hazitoshi mahali penye mgao. Na mwezi wa Ramadhani msiidhinishe kazi ambayo nyumba ya mwisho itapata maji baada ya magharibi.

Jambo moja la mwenye nyumba linasahaulika kwenye matangazo yote. Bomba kuu linapomwagwa, hunyonya. Mpira wa kumwagilia ulioachwa umezama kwenye ndoo ya kufulia, au kwenye kisima cha chini, unaweza kuvuta maji hayo machafu na kuyaingiza kwenye bomba la mtaa. Kwa hiyo kila nyumba ifunge koki iliyo kwenye mita saa ya kukata, na iifungue baada ya saa iliyotajwa. Kuifunga kunasaidia pia mita isizungushwe na hewa bomba linapojazwa.

Kwa maneno mafupi, tangazo la kazi tuliyoieleza lingesomeka hivi:

"Wakazi wa nyumba 60 kuanzia barabara ya lami hadi mwisho wa mtaa. Jumatano, tarehe 21 Oktoba 2026, maji yatafungwa saa 3 asubuhi ili kuunga bomba la jengo jipya. Yataanza kufunguliwa saa 9 alasiri. Nyumba za mwisho zitayapata kabla ya saa 1 usiku. Jazeni matangi Jumatatu. Saa 3 asubuhi fungeni koki ya mita na toeni mipira ndani ya ndoo. Mkifungua jioni, anzeni na bomba la chini la nje, yamwageni mpaka yawe meupe, ndipo mruhusu tangi. Saa 7 mchana tutawajulisha kama tuko ndani ya muda au kazi imeahirishwa. Anayepokea simu shimoni hadi asubuhi ya Alhamisi ni msimamizi wa zamu, namba yake ni hii hapa chini."

Namba hiyo iwe ya mtu aliye pale. Namba ya ofisi ya mkandarasi inayofungwa saa 10 haimsaidii mtu saa 8 usiku.

Upande wa umeme maneno yetu ni machache, maana mjenzi hashiki swichi. Anayezima ni shirika la umeme, na kazi inaanza pale fundi wa laini anapopima kwamba waya hazina umeme, anafunga waya za ardhi za muda pande mbili za eneo la kazi na kukabidhi kibali. Kikosi kikifika saa 4 na nusu, saa zote zinasogea. Kwa hiyo mjenzi asichape tangazo mpaka shirika limethibitisha tarehe kwa maandishi, na saa ya kurudi ihesabiwe pamoja na muda wa kukusanya watu, kutoa waya za ardhi, kurudisha kibali na kuwasha. Hatua hizo hazikimbizwi, hata mtaa mzima ukipiga kelele, kwa sababu mtu mmoja aliyebaki juu ya nguzo anatosha.

Tangazo la umeme liseme mambo mawili ambayo kwa kawaida halisemi. La kwanza: waya zihesabiwe zina umeme muda wote, kwani unaweza kurudi kabla ya saa iliyoandikwa. La pili: mwenye jenereta asilichomeke kwenye soketi ya nyumba. Jenereta lisilo na swichi ya kubadilishia hurudisha umeme nyuma kupitia mita hadi kwenye transfoma, na transfoma hiyo huupandisha kuwa maelfu ya volti kwenye waya ambazo fundi anazishika akiamini zimekufa. Waya za ardhi zipo kwa sababu hiyo, lakini zisiwe kinga pekee.

Nguzo ikihamishwa, waya hufunguliwa na kufungwa upya, na hapo makosa mawili hungoja saa ya kuwasha. Fezi mbili zikibadilishana nafasi, taa za majumbani hazionyeshi lolote, lakini mashine ya kusaga na pampu za fezi tatu huzunguka kinyumenyume. Pampu inanguruma na kutoa maji kidogo au isitoe kabisa, na mwenye mashine anadhani imeungua. Fundi apime mzunguko wa fezi asubuhi kabla ya kuzima, aandike, apime tena jioni kabla ya kuondoka. Kosa la nyutro, waya wa kurudishia umeme, ni baya zaidi. Ikiachwa imelegea, nyumba za fezi moja zilizozoea volti 230 zinaweza kupata volti zinazokaribia 400, huku za jirani zikififia. Kwa hiyo tangazo limwambie mkazi azime swichi kubwa, umeme ukirudi awashe taa moja tu kwanza, na akiiona inang'aa kupita kawaida au inafifia na kupanda, azime na kupiga simu. Friji na televisheni zisubiri kama dakika kumi.

Mwenye friji naye anahitaji kujua saa za kweli. Friji lisilofunguliwa hushika ubaridi wa usalama kwa karibu saa 4, na friza lililojaa kwa kama siku mbili. Mwenye bucha akiambiwa saa 3 zikawa 9 amepoteza nyama. Zahanati inayotunza chanjo kwenye nyuzi 2 hadi 8 isiletewe karatasi tu, ipelekewe mtu, akubaliane na mhudumu wake watahamishia wapi chanjo au jenereta la nani litakuwa tayari. Na maji na umeme visizimwe siku moja katika mtaa uleule. Nyumba zinazopandisha maji kwa pampu zitakuwa zimepigwa mara mbili, na maji yakirudi hayatapanda.

Fomu ya maombi tunayoipendekeza inaingia kwenye ukurasa mmoja: namba tatu za hesabu, tarehe ya jaribio la valvu na jina la aliyelifanya, orodha ya nyumba, saa ya kukata shauri, vipuri vya akiba vilivyoonwa, na saa mbili za kurudi. Chini yake iwe na mstari mmoja wa kujazwa baada ya kazi: saa ambayo nyumba ya mwisho ilipata maji au umeme kweli, ikithibitishwa kwa sahihi ya mwenye nyumba hiyo, wala si ya mkandarasi. Mjenzi akija kuomba kibali cha mtaa mwingine, msome mstari huo kwanza.

Wenu katika kazi,

Mafundi bomba, mafundi umeme na wasimamizi wa saiti, Dar es Salaam